Mipaka ya Makundi ya Umri: Mahali pa Kukata Hesabu ya Watu

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ulikuwa usiku wa Sensa ya Watu na Makazi katika Tanzania. Kila mtu alihesabiwa mahali alipolala usiku huo, na katika Mkoa wa Singida walihesabiwa watu 2,008,058. Miongoni mwa mambo yaliyoulizwa kwa kila mtu ni umri wake kwa miaka iliyotimia. Umri wa watu zaidi ya milioni mbili hauwezi kusomwa mmoja mmoja. Ni lazima ukusanywe katika makundi, na makundi hayo yachorwe katika chati ili jicho liweze kuyalinganisha.

Kazi hiyo huonekana nyepesi. Mwanafunzi huchagua upana wa kundi, akakata mstari wa umri katika vipande vilivyo sawa, akahesabu watu wa kila kipande. Hata hivyo, mahali panapokatwa ndipo panapoamua chati itasema nini. Mpaka ukiwekwa mahali ambapo maisha ya watu hayabadiliki, na mahali yanapobadilika pakaachwa katikati ya kundi, chati itaficha jambo lile lile lililotafutwa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua mipaka inayolingana na makundi halisi ya maisha, jinsi ya kuichora sawasawa, na dalili zinazoonyesha kwamba kosa limefanyika.

Makundi ya miaka mitano na makundi ya maisha

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kama ofisi za takwimu za nchi nyingi, huonyesha umri katika makundi ya miaka mitano mitano: 0–4, 5–9, 10–14, 15–19, na kuendelea. Mpango huu una faida zake. Makundi yote yana upana sawa, sensa moja huweza kulinganishwa na nyingine, na nchi moja huweza kulinganishwa na nyingine. Kwa mtu anayetaka kuona umbo la jumla la idadi ya watu, yaani kama watoto ni wengi kuliko wazee na kwa kiasi gani, makundi hayo yanatosha.

Lakini sheria na desturi za nchi hazikukatwa kwa miaka mitano mitano. Kwa muda mrefu hesabu za elimu za Tanzania zimechukua miaka 7 hadi 13 kuwa umri wa shule ya msingi, miaka 14 hadi 17 kuwa umri wa kidato cha kwanza hadi cha nne, na miaka 18 hadi 19 kuwa umri wa kidato cha tano na cha sita. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na Katiba inampa raia haki ya kupiga kura anapotimiza umri huo huo. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamchukua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaanza kuhesabu uzee katika miaka 60.

Mipaka hii ikilinganishwa na ile ya miaka mitano, mgongano unaonekana mara moja. Kundi la 5–9 linachanganya watoto ambao hawajafikia umri wa darasa la kwanza na wale wa darasa la tatu. Kundi la 10–14 linaweka pamoja wanafunzi wa shule ya msingi na watoto wa miaka 14 ambao umri wao ni wa sekondari. Kundi la 15–19 linamweka mtoto wa miaka 15, ambaye kisheria bado ni mtoto, pamoja na mpiga kura wa miaka 19. Katika jozi hizi zote, mpaka uliopo maishani umezikwa ndani ya kundi. Mpaka wa miaka 60 ni miongoni mwa michache inayoangukia mahali pake.

Maana ya miaka iliyotimia

Kabla ya kukata makundi, yafaa ieleweke namba inayokatwa. Urefu wa mti ukipimwa kuwa mita 13, maana yake ni kwamba urefu halisi uko mahali fulani kati ya mita 12.5 na 13.5, kwa kuwa mpimaji ameukadiria kwenye mita nzima iliyo karibu zaidi. Ndiyo sababu wanafunzi wa hisabati hufundishwa kupata mipaka halisi ya kundi kwa kuondoa 0.5 chini na kuongeza 0.5 juu.

Umri hauhesabiwi hivyo. Mtoto anayeitwa wa miaka 13 ni yule aliyekwisha kutimiza miaka 13 na hajatimiza 14. Hata akibakiza siku moja tu kufikia siku yake ya kuzaliwa, bado ni wa miaka 13. Kwa hiyo kundi la 7–13 linaanza katika 7 kamili na kuishia pale mtoto anapotimiza 14. Upana wake ni 14 − 7, yaani miaka 7, na umri wake wa kati ni 10.5. Mwanafunzi anayetumia kanuni ya 0.5 atapata mipaka ya 6.5 na 13.5 na umri wa kati wa 10. Upana utabaki ule ule, lakini chati nzima itakuwa imesogea nusu mwaka upande wa kushoto, na wastani wowote utakaotokana nayo utapungua kwa nusu mwaka.

Dalili ya kosa hili iko katika kundi la kwanza. Kwa kanuni ya 0.5, kundi la 0–4 lingeanza katika −0.5, yaani lingewahesabu watoto miezi sita kabla hawajazaliwa. Mwalimu akiona nguzo ya kwanza imevuka sifuri upande wa kushoto, ajue kwamba umri umechukuliwa kana kwamba ni urefu wa mti.

Mfano wa kijiji

Ichukuliwe kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya uwanda wa juu wa Iramba wamehesabu watu wa chini ya miaka 20 katika kijiji chao, kwa kuandika kila mmoja aliyelala nyumbani usiku uliochaguliwa. Kijiji hiki ni cha kubuni na hesabu zake zimetungwa kwa ajili ya somo, ili kila hatua iweze kufuatwa kwa kalamu. Matokeo kwa kila mwaka mmoja wa umri ni haya:

Miaka 0 hadi 4: 34, 33, 32, 31, 30
Miaka 5 hadi 9: 32, 29, 28, 30, 26
Miaka 10 hadi 14: 34, 25, 33, 27, 16
Miaka 15 hadi 19: 18, 12, 10, 21, 9

Jumla ni watu 510. Wanafunzi wakikusanya kwa miaka mitano mitano, wanapata 160, 145, 135 na 70. Chati ya hesabu hizi inashuka polepole katika makundi matatu ya kwanza, halafu inaanguka ghafula kati ya kundi la 10–14 na la 15–19. Mtu aisomaye ataeleza kwamba vijana wa kijiji huanza kuondoka wakiwa na miaka 15 au zaidi, na kwamba hadi miaka 14 karibu watoto wote wapo nyumbani.

Sasa hesabu zile zile zikatwe upya kwa kufuata ngazi za elimu:

Miaka 0–4: watu 160
Miaka 5–6: watu 61
Miaka 7–13: watu 203
Miaka 14–17: watu 56
Miaka 18–19: watu 30

Jumla bado ni 510, na hakuna mtu aliyeongezwa wala kupunguzwa. Lakini habari imebadilika. Umri wa shule ya msingi una watu 203 katika miaka 7, yaani 29 kwa kila mwaka wa umri. Umri wa kidato cha kwanza hadi cha nne una watu 56 katika miaka 4, yaani 14 kwa kila mwaka. Idadi imeanguka zaidi ya nusu, na imeanguka katika miaka 14, mara tu baada ya umri wa kumaliza darasa la saba. Chati ya kwanza ililificha anguko hili kwa sababu watoto 16 wa miaka 14 waliwekwa chini ya kivuli cha watoto 119 wa miaka 10 hadi 13.

Tofauti hii si ya uchoraji tu. Serikali ya kijiji inayosoma chati ya kwanza itajiuliza kwa nini vijana wa miaka 15 na kuendelea wanaondoka, na jawabu linaweza kutafutwa katika ajira. Inayosoma chati ya pili itajiuliza nini huwapata watoto wanapotoka darasa la saba. Huenda wamekwenda kulala katika mabweni ya shule za sekondari, na kwa kuwa hesabu ilifuata mahali mtu alipolala, wamehesabiwa huko. Huenda wamekwenda kufanya kazi za ndani au biashara ndogo ndogo mjini Singida au Dodoma. Chati ya umri haiwezi kutenganisha sababu hizi mbili, na mchoraji asidai kwamba inaweza. Linalotakiwa ni swali jingine kwa kila kaya: aliyetoka yuko wapi, na anafanya nini? Kazi ya mpaka uliochaguliwa vizuri ni kuonyesha swali hilo liulizwe kwa watoto wa umri gani.

Je, mtu mwenye jedwali la miaka mitano tu anaweza kukadiria makundi ya elimu? Hujaribiwa mara nyingi kwa kugawanya kwa uwiano. Ili kupata kundi la 14–17, huchukuliwa moja ya tano ya kundi la 10–14, yaani 27, na tatu ya tano ya kundi la 15–19, yaani 42. Jumla ni 69. Hesabu halisi ni 56. Makisio yamezidi kwa watu 13, karibu robo ya idadi halisi. Kwa kundi la 7–13 njia hiyo inatoa 195 badala ya 203. Kugawanya kwa uwiano kunadhani kwamba watu wameenea sawasawa ndani ya kundi. Dhana hiyo hufaa pale ambapo hakuna jambo kubwa linalotokea ndani ya kundi, na huvunjika hasa pale penye mpaka wa maisha, ambapo ndipo jawabu lilipotakiwa.

Kuchora nguzo zenye upana usio sawa

Makundi yanayofuata maisha huwa na upana tofauti, na hapa wanafunzi wengi hujikwaa. Hesabu za makundi zikichorwa kama zilivyo, nguzo zitakuwa na kimo cha 160, 61, 203, 56 na 30. Mtazamaji ataona shimo kubwa katika miaka 5–6 na mlima katika miaka 7–13, akadhani kwamba miaka michache iliyopita vizazi vilipungua sana. Shimo hilo halipo. Kundi la 5–6 ni dogo kwa sababu lina miaka miwili tu, na kundi la 7–13 ni kubwa kwa sababu lina saba.

Katika histogramu, kinachowakilisha watu ni eneo la nguzo. Kimo peke yake hakitoshi. Kwa hiyo kimo cha kila nguzo hupatikana kwa kugawanya idadi ya watu wa kundi kwa upana wake wa miaka:

0–4: 160 ÷ 5 = 32
5–6: 61 ÷ 2 = 30.5
7–13: 203 ÷ 7 = 29
14–17: 56 ÷ 4 = 14
18–19: 30 ÷ 2 = 15

Sasa nguzo tatu za kwanza zinashuka taratibu kama ngazi fupi, na mbili za mwisho ziko chini kabisa. Kijiji kinaonekana kilivyo.

Uchoraji wenyewe unafanyika hivi katika karatasi ya grafu. Mhimili mlalo uwe wa umri, sentimita 1 kwa miaka 2. Mistari ya kukata iwekwe katika umri wa 0, 5, 7, 14, 18 na 20, yaani katika sentimita 0, 2.5, 3.5, 7, 9 na 10. Mhimili wima uandikwe "watu kwa kila mwaka mmoja wa umri", sentimita 1 kwa watu 4. Nguzo ya 7–13 itakuwa na upana wa sentimita 3.5 na kimo cha sentimita 7.25. Nguzo zigusane, kwa kuwa umri haukatiki kati ya kundi na kundi.

Usahihi wa mchoro hupimwa kwa eneo. Kila sentimita moja ya mraba inawakilisha miaka 2 mara watu 4 kwa mwaka, yaani watu 8. Nguzo ya 7–13 ina eneo la 3.5 × 7.25, yaani sentimita za mraba 25.375. Hizo mara 8 ni 203, sawa na hesabu ya awali. Nguzo yoyote ambayo eneo lake halirudishi idadi ya watu wake imechorwa vibaya, hata kama inapendeza macho.

Kundi lisilo na mwisho, kama lile la "miaka 60 na zaidi", halina upana unaojulikana, na kwa hiyo haliwezi kupewa kimo. Idadi yake iandikwe kando ya chati kwa tarakimu, au kundi lifungwe katika umri utakaotajwa wazi. Kulichorea nguzo ya upana wowote bila kueleza ni kumpa msomaji umbo lisilotokana na hesabu.

Umri wa 35 na umri wa 60

Katika umri wa watu wazima kuna taabu nyingine, nayo inatokana na namna watu wanavyojibu. Mtu asiye na cheti cha kuzaliwa hukadiria umri wake, na makadirio hupenda kutua katika namba zinazoishia na 0 au 5. Ndiyo maana katika takwimu za nchi nyingi umri wa 30, 35, 40 na 60 huwa na watu wengi kuliko umri wa jirani zake.

Ichukuliwe kwamba katika kijiji kile cha mfano watu wa miaka 33, 34, 35, 36 na 37 ni 9, 8, 31, 10 na 7. Jumla ni 65. Kama watu wangeenea sawasawa, kila umri ungekuwa na 13, lakini umri wa 35 una 31. Ni dhahiri kwamba wengi wao ni watu wa miaka 33, 34, 36 au 37 waliosogezwa, wao wenyewe au na mwandishi wa hesabu, hadi kwenye namba inayotamkika kwa urahisi.

Sera ya vijana inasema miaka 15 hadi 35, na 35 imo ndani. Mpaka wa juu wa kundi ni siku mtu anapotimiza miaka 36. Mtu anayetumia jedwali la miaka mitano hulazimika kusimama katika 34, kwa sababu 35 imewekwa katika kundi la 35–39. Akiandika chini ya chati yake "vijana, miaka 15–35", atakuwa amewaacha nje watu 31, ambao ndio wengi kuliko watu wa umri wowote wa jirani. Kosa la mwaka mmoja, ambalo mahali pengine lingekuwa dogo, hapa linaongezwa nguvu na mlundikano.

Dawa si kuchukua watu wa 35 na kuwagawa kimya kimya kwa jirani zao. Njia ya haki ni kuanza kwa kufuata maneno ya sera, kuweka 35 ndani, kisha kuandika chini ya chati ni watu wangapi kati ya hao walitajwa kuwa na miaka 35 kamili. Msomaji ataona mwenyewe ni sehemu gani ya jumla inayotegemea umri mmoja wenye mashaka.

Katika umri wa 60 mpaka wa kundi la miaka mitano na mpaka wa sera vinakutana, na mtu anaweza kudhani kwamba taabu imekwisha. Haijaisha, kwa sababu 60 nayo huvuta watu. Mtu wa miaka 58 akisema 60, amehesabiwa mzee kabla ya wakati; mtu wa miaka 62 akisema 60, hakuna kilichoharibika, kwa kuwa alikuwa ndani tayari. Kwa hiyo mlundikano wa 60 huongeza idadi ya wazee tu, haupunguzi.

Wahesabuji husaidiwa hapa na matukio yanayokumbukwa. Chukua mtu anayesema alizaliwa mwaka wa Uhuru. Uhuru wa Tanganyika ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Kama alizaliwa mwezi wa Machi mwaka huo, siku ya sensa ya Agosti 2022 alikuwa na miaka 61. Kama alizaliwa wakati wa sherehe za Desemba, alikuwa na miaka 60. Katika hali zote mbili yuko ndani ya kundi la wazee. Lakini anayesema "nilizaliwa mwaka mmoja baada ya Uhuru" anahitaji kuulizwa zaidi. Kama ilikuwa wakati wa masika ya mwaka 1962, alikuwa amekwisha kutimiza 60. Kama ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1962, mvua za kupandia zilipoanza, alikuwa na miaka 59. Swali moja kuhusu majira linamvusha mtu mpaka, au linamzuia.

Mapato: upande upi una mpaka?

Kanuni ile ile hutumika kwa mapato. Ikiwa lengo la chati ya mishahara ni kuonyesha mzigo wa kodi, makundi ya shilingi 200,000 kwa 200,000 hayafai, kwa sababu kodi haikukatwa hivyo. Katika jedwali la kodi ya mishahara ya Tanzania Bara lililotumika tangu Julai 2021, mshahara wa mwezi usiozidi shilingi 270,000 hautozwi kodi. Mipaka inayofuata ni 520,000, 760,000 na 1,000,000. Kundi la 200,000–400,000 lingechanganya wasiolipa kabisa na wanaolipa.

Ipo tofauti moja ya kuangaliwa kati ya umri na mshahara. Mtoto anayetimiza miaka 14 leo anaingia katika kundi la juu, yaani mpaka ni mali ya kundi linaloanza. Mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 270,000 kamili bado yuko katika kundi la wasiotozwa, yaani mpaka ni mali ya kundi linaloishia. Kwa kuwa mishahara nayo hupenda namba zilizo kamili, watu wanaosimama juu ya mpaka huweza kuwa wengi. Kwa hiyo chati iseme wazi kila mpaka ni wa upande gani: kwa umri, "7 hadi chini ya 14", kwa mshahara, "zaidi ya 270,000 hadi 520,000". Kuandika "270,000–520,000" na kisha "520,000–760,000" ni kumpa mtu mmoja nyumba mbili.

Kuhifadhi hesabu ya mwaka mmoja mmoja

Mipaka ya maisha yenyewe hubadilika. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 limeweka umri wa kuanza darasa la kwanza kuwa miaka 6, elimu ya msingi kuwa ya miaka 6, na elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, pamoja na miaka minne ya sekondari. Kwa mpango huo makundi ya elimu ni 6–11 na 12–15, na mistari ya kukata inahamia katika 6, 12 na 16.

Wanafunzi wa kijiji cha mfano waliohifadhi hesabu ya kila mwaka wa umri wanaweza kukata upya bila kurudi mlangoni kwa mtu yeyote. Kundi la 6–11 linapata 29 + 28 + 30 + 26 + 34 + 25, yaani watu 172. Kundi la 12–15 linapata 33 + 27 + 16 + 18, yaani watu 94. Waliotupa hesabu hizo na kubaki na makundi ya miaka mitano hawawezi kufanya hivyo isipokuwa kwa kukisia. Makundi yaliyo madogo huunganishwa wakati wowote, lakini kundi lililokwisha kuunganishwa halipasuliki.

Ikumbukwe pia kwamba umri wa ngazi fulani ya elimu si sawa na kuwa katika ngazi hiyo. Mtoto wa miaka 15 anaweza kuwa bado darasa la saba, na wa miaka 13 akawa kidato cha kwanza. Nguzo ya 7–13 inaeleza ni watoto wangapi walio na umri wa shule ya msingi. Haielezi ni madawati mangapi yanayokaliwa. Jambo la pili hutoka katika daftari la mahudhurio la shule, na kulinganisha hesabu hizo mbili ndiko kunakoonyesha watoto walio nje ya shule.

Mazoezi

1. Kwa kutumia hesabu za kijiji cha mfano, chora histogramu yenye mipaka ya 0, 6, 12, 16 na 20. Vimo vya nguzo vitakuwa 32, 28.7, 23.5 na 13, kwa kukaribia sehemu moja ya kumi. Anguko la baada ya miaka 13 limekwenda wapi katika chati hii, na kwa nini?

2. Tafuta idadi ya watu wa chini ya miaka 18 katika kijiji hicho. Kisha ikadirie kutoka katika jedwali la miaka mitano peke yake, na ueleze ni umri upi uliosababisha tofauti.

3. Orodhesha umri wa watu wazima 50 wa mtaa wako kwa miaka iliyotimia, bila kuandika majina. Hesabu wangapi wana umri unaoishia na 0 au 5. Kama hakuna mlundikano, watu hao watakuwa karibu 10. Ukipata wengi zaidi, eleza ni mpaka upi wa sera ambao ungetiliwa shaka kwanza.